Mwaka wa Tatu wa Hasara: Nasaha kwa Vijana wa Igowole Wenye Kampuni

Wanangu, nimesikia kwamba watano kati yenu mnataka kusajili kampuni ya mbao BRELA, na kwamba kuna mtu amewaambia msiwe na wasiwasi na kodi ya mapato, kwa sababu kampuni isiyopata faida hailipi kitu. Aliyewaambia hivyo amesema nusu ya habari. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika, maana nimeshika vitabu vya hesabu vya watu wengi katika milima hii ya Mufindi, na naona vijana wanaingia kwenye kampuni huku macho yao yako kwenye zabuni tu.

Ni kweli kwamba kampuni Tanzania Bara hutozwa asilimia 30 ya faida yake, na pasipo faida asilimia 30 ya kitu kisichokuwapo ni sifuri. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, katika jedwali lake la kwanza, imeweka kifungu kwa ajili ya kampuni inayoleta hasara mwaka baada ya mwaka. Kampuni ikiwa na hasara mwaka huu, na ilikuwa na hasara miaka miwili iliyotangulia mfululizo, basi mwaka huo wa tatu haiulizwi tena faida yako ni kiasi gani. Inaulizwa umeuza kiasi gani. Mauzo yote ya mwaka yanachukuliwa kama yalivyo, kabla ya kutoa gharama hata moja, na asilimia ndogo ya mauzo hayo inakuwa kodi. Kwa muda mrefu kiwango hicho kilikuwa asilimia 0.3, kikapanda kuwa 0.5, na Sheria ya Fedha ya 2025 ikakifikisha asilimia 1. Wahasibu huiita kodi mbadala ya kima cha chini. Mkiendelea na hasara mwaka wa nne na wa tano, kila mwaka unakuwa na miwili nyuma yake yenye hasara, kwa hiyo inawafuata.

Asilimia 1 inasikika ndogo. Kijana akisikia moja katika mia anasema hiyo tutaimudu. Naomba tukae na hesabu kwanza kabla hamjasema mtaimudu.

Tuseme mlianza 2024. Mlinunua mashine mbili za dingdong, trekta kuukuu la kuvutia magogo na vifaa vingine, jumla shilingi milioni 80, sehemu kubwa kwa mkopo. Mwaka wa kwanza mkapata hasara ya milioni 40, kwa sababu miezi ya mwanzo mlikuwa mnajifunza msitu, mnalipa vibarua mbao hazijauzwa, na mvua ya masika ikafunga njia. Mwaka 2025 hasara ikashuka hadi milioni 25. Mwaka 2026 mnapata wateja wazuri wa Dar es Salaam na Dodoma na mnauza mbao za milioni 420. Mnafurahi. Hapo mnatoa gharama. Magogo mliyonunua kwa wenye mashamba ya paini ni milioni 240. Vibarua na mishahara milioni 62. Dizeli, misumeno na vipuri milioni 48. Kusafirisha milioni 44. Riba ya benki milioni 18. Pango na mambo ya ofisi milioni 2 na laki saba na nusu. Mkijumlisha mnabaki na shilingi 5,250,000.

Bado kuna uchakavu wa mashine. Sheria ya kodi haitazami uchakavu ambao mhasibu wenu ameuandika kwa makadirio yake. Ina viwango vyake kwa kila kundi la mali. Kwa mitambo ya uzalishaji kiwango cha kawaida ni asilimia 25 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Kwa hiyo milioni 80 ilikatwa milioni 20 mwaka wa kwanza, milioni 15 wa pili, na mwaka huu wa tatu inakatwa shilingi 11,250,000. Toeni hiyo katika 5,250,000 mliyobaki nayo, mnapata hasara ya milioni 6. Hasara imeshuka kutoka 40 hadi 6. Kwa mtu wa biashara hiyo ni habari njema, kampuni inapanda. Kwa kifungu nilichowaambia, ni hasara ya tatu mfululizo. Asilimia 1 ya milioni 420 ni shilingi 4,200,000.

Sasa ulizeni fedha hiyo inatoka wapi. Uchakavu ni hesabu ya karatasi, haujatoka mfukoni, kwa hiyo fedha taslimu mliyobaki nayo kwa mwaka mzima ni ile 5,250,000. Mkilipa kodi mnabaki na 1,050,000. Na bado hamjalipa hata shilingi ya mtaji wa mkopo, maana niliyoihesabu hapo juu ni riba peke yake. Hivyo ndivyo asilimia 1 inavyokuwa kubwa. Inapimwa kwa mauzo, lakini inalipwa kutoka katika kilichobaki, na kilichobaki kwa mfanyabiashara wa mbao au mbolea ni kidogo sana ukikilinganisha na fedha iliyopita mikononi mwake.

Kuna jambo jingine katika hesabu hii ambalo wengi hawalioni. Ili asilimia 30 ya faida iwe milioni 4.2, kampuni lazima iwe imepata faida ya milioni 14. Tukiacha kwanza habari ya hasara za nyuma, kampuni jirani yenye mauzo yale yale ya milioni 420, iliyopata faida ya milioni 1, italipa laki tatu tu. Nyinyi mliopata hasara mnalipa mara 14 ya aliyepata faida. Mtu akiliona hilo, shetani anamnong'oneza: basi tuandike faida ya laki tano, tukate mnyororo wa miaka mitatu. Tutaficha ankara moja ya vipuri, tutaisogeza mwaka ujao, tumalize.

Msifanye hivyo, na nina sababu mbili za kuwakataza. Ya kwanza ni kwamba hesabu za kampuni lazima zipite kwa mhasibu mwenye cheti aliyesajiliwa na NBAA, naye akiweka muhuri wake juu ya ankara iliyofichwa, anaweka riziki yake rehani kwa ajili yenu. Anayekubali kufanya hivyo leo atawauza kesho. Sheria pia inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kuitazama mipango iliyotengenezwa kwa nia ya kukwepa kodi na kuirudisha katika hali yake halisi. Sababu ya pili ni ya kiufundi na ndiyo inayowapotosha hata wahasibu. Kifungu kinazungumzia hasara ya mfululizo ambayo haijafidiwa. Nyinyi mna hasara za nyuma za milioni 65 mnazozibeba. Mkiandika faida ya laki tano mwaka wa tatu, faida hiyo inamezwa na hasara za nyuma na bado mnabaki na hasara kubwa isiyofidiwa. Je, mnyororo umekatika au haujakatika? Msikisie, wala msikubali jibu la mdomo kwenye korido. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamruhusu mlipakodi kuomba uamuzi wa maandishi kutoka kwa Kamishna juu ya jambo lake mwenyewe. Andikeni barua, elezeni ukweli wote wa hesabu zenu, msubiri jibu lenye sahihi.

Mtaniuliza, mzee, kwa nini serikali iliweka kitu kama hiki? Jibu halipo Igowole, lipo kwa wakubwa. Kwa miaka mingi nchi hii iliona kampuni zinazochimba, zinazouza, zinazopanua majengo na kuongeza magari, na kila mwaka vitabu vinasema hasara. Mfano unaojulikana zaidi ni wa migodi ya dhahabu. Katika shauri la African Barrick Gold, lililoanza katika vyombo vya rufani za kodi na kumalizikia Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 2020, ilielezwa kwamba kampuni mama iliwalipa wanahisa wake gawio la zaidi ya dola milioni 400 kati ya 2010 na 2013, wakati kampuni zenye migodi hapa nchini zilikuwa zinaonyesha hasara. Shauri lenyewe lilihusu kodi ya zuio juu ya gawio, halikuwa la kodi hii ninayowaeleza. Lakini linaonyesha swali ambalo mtoza kodi anajiuliza: kama mna hasara miaka yote, hiki mnachogawana kimetoka wapi? Kampuni yenye ndugu zake nje inaweza kukopeshwa na ndugu hao kwa riba kubwa, ikanunua kwao mashine kwa bei ya juu, ikawauzia bidhaa kwa bei ya chini, na faida ikahamia nchi nyingine bila kuvunja kufuli. Kumfuatilia mtu wa namna hiyo ankara kwa ankara kunahitaji wataalamu na miaka. Mauzo ni magumu kuyahamisha. Kwa hiyo sheria ikasema, kama miaka mitatu hatukuelewana juu ya faida, tuelewane juu ya mauzo.

Mimi naliona kusudi hilo kuwa la haki. Asiyeonekana kupata faida kwa miaka 20 na bado hafungi, anatumia barabara za wenzake. Tatizo langu ni kwamba wavu uliotegwa kwa ajili ya papa unapita pia katika maji wanamoishi dagaa. Kijana wa Mufindi aliyekopa kununua msumeno hana kampuni dada ughaibuni. Hasara yake ni ya kweli na inashuka kila mwaka kama mlivyoona hapo juu. Kupandisha kiwango mara mbili mwaka 2025 bila kuwatenga wanaoanza, kwa maoni yangu, kumewabana wale ambao hawakuwa walengwa. Ningependa wabunge wetu wa Iringa na Njombe walisemee hilo kila bajeti: kampuni changa yenye mauzo madogo ipewe miaka mitano badala ya mitatu.

Majirani zetu Kenya walilipima jambo hili mahakamani, na ni vizuri mjue lilivyokwenda. Sheria yao ya Fedha ya 2020 ilileta kodi ya kima cha chini ya asilimia 1 ya mauzo ghafi, ianze Januari 2021. Yao ilikuwa kali kuliko yetu. Haikungoja miaka mitatu. Ilimkuta mfanyabiashara tangu mwaka wa kwanza wa hasara, na ilitakiwa kulipwa kwa awamu mwaka ukiendelea. Wamiliki wa baa wa Kitengela walikwenda Mahakama Kuu ya Machakos. Jaji George Odunga aliisimamisha kwanza, kisha tarehe 20 Septemba 2021 akatamka kwamba inapingana na Katiba. Moja ya hoja zilizobeba shauri ni kwamba sheria ya kodi ya mapato inatoza faida na mapato, na kumtoza mwenye hasara kwa mauzo yake ni kumla mtaji. Mahakama ya Rufani ilikubaliana na uamuzi huo mwezi Desemba 2022. Msichukue hukumu hiyo mkaenda nayo ofisi ya TRA Mafinga mkidhani itawaokoa. Ni hukumu ya Kenya juu ya Katiba ya Kenya. Kwetu kifungu kipo na kinatozwa.

Kuna waliotengwa. Kampuni inayofanya biashara ya kilimo, na zile zinazotoa huduma za afya au elimu, haziguswi na kodi hii. Hapo watu wa Igowole husimama haraka na kusema, basi sisi sote ni wakulima. Nendeni taratibu. Tazameni chai iliyotuzunguka. Anayelima chai na kuuza majani mabichi yuko kwenye kilimo, hakuna ubishi. Lakini kiwanda kinachonunua majani hayo, kuyanyausha, kuyasaga na kuyakausha, ni jambo jingine. Ndiyo maana bei ya chai ilipokuwa mbaya na viwanda vikawa na hasara mfululizo, serikali ililazimika kuvipa viwanda vya kuchakata chai msamaha wa muda wa kodi hii kwa kuvitaja. Kama kilimo kingekuwa kinavifunika tayari, kwa nini vitajwe? Somo kwa wa mbao ni lile lile. Kupanda paini na milingoti na kuikuza ni kazi moja, kununua magogo ya watu na kuyapasua ni kazi nyingine. Mkiwa na shamba la miti na mashine pia, wekeni vitabu viwili, kila kazi na mauzo yake na gharama zake, na swali la ipi ni kilimo mlipeleke kwa maandishi kama nilivyosema. Mkichanganya, mtatetea vyote kwa pamoja na mnaweza kukosa vyote.

Sasa nije kwenye lile ambalo liko mikononi mwenu kabisa, yaani mauzo yenyewe yanaandikwaje. Kodi hii inapima mauzo, kwa hiyo kila shilingi inayoingia kwenye mauzo bila kuwa mauzo yenu inawagharimu. Hapa Igowole mara nyingi mwenye mashine hupasua magogo ya mtu mwingine. Mwenye magogo anakuja na mzigo wake, mnampasulia, mteja wake wa Dar anatuma fedha yote kwenye akaunti yenu au kwenye simu ya mmoja wenu, mnakata ujira wa kupasua na kumpa mwenye mzigo iliyobaki. Nimeona vitabu ambamo fedha yote hiyo imeandikwa kuwa mauzo, na risiti ya EFD imetolewa kwa kiasi chote. Tuseme katika ile milioni 420 ya mwaka wa tatu, milioni 150 ilikuwa ya namna hiyo na ujira wenu wa kweli ulikuwa milioni 30. Mauzo yenu halisi ni milioni 300. Faida au hasara haibadiliki hata kidogo, kwa sababu milioni 120 iliyozidi ilikuwa imeandikwa pia upande wa gharama kama magogo. Ndiyo maana hakuna aliyeona kosa miaka miwili ya mwanzo. Mwaka wa tatu linaonekana: kodi ni 4,200,000 badala ya 3,000,000. Na kwa yule anayekaribia kiwango cha kusajiliwa VAT, mauzo ya bandia yanamsukuma huko pia.

Dawa yake ni mkataba. Kabla gogo halijapanda kwenye mashine, iandikwe karatasi yenye sahihi mbili: mzigo ni wa nani, ujira wa kupasua kwa mita ya ujazo ni shilingi ngapi, na fedha ya mnunuzi itakwenda kwa nani. Risiti yenu iwe ya ujira tu. Mwenye mzigo atoe risiti yake kwa mnunuzi wake. Ikiwa kweli ndivyo mnavyofanya biashara, hamjakwepa kitu, mmesema ukweli. Mkiandika mkataba wa ujira wakati magogo mmenunua wenyewe, huo ni uongo, na ramani ya fedha benki itawaumbua.

La pili lililo mikononi mwenu ni uthibitisho wa gharama. Turudi kwenye magogo ya milioni 240. Wenye vishamba vya miti vijijini, mmoja ana nusu eka, mwingine ana mistari miwili nyuma ya nyumba, wanauza kwa fedha mkononi. Mkaguzi wa TRA akija na akakuta milioni 60 haina risiti, haina mkataba wa mauziano, haina namba ya mlipakodi wala hati ya malipo, anaweza kuikataa. Hasara yenu ya milioni 6 inageuka siku hiyo hiyo kuwa faida ya milioni 54, na hasara za miaka ya nyuma mlizokuwa mnazitegemea nazo zinafunguliwa upya, kwa sababu mlinunua hivyo hivyo na miaka ile. Mtu mwenye hasara ya miaka mitatu ndiye anayevutia ukaguzi kuliko wote. Mtakapoona mwaka wa tatu unakaribia, jueni mgeni yuko njiani, na vitabu viwe tayari. Mnunulieni mwenye mti kwa hati yenye jina lake, kijiji chake, idadi ya miti, bei na sahihi ya mtendaji wa kijiji, na malipo yapite benki au kwenye simu ili yaache alama. Muulizeni mhasibu wenu mapema ni muuzaji yupi sheria inamtaka awe na risiti ya mashine na yupi haimtaki.

La tatu ni kuielewa hasara yenu imetoka wapi, na hilo lifanyike mwisho wa mwaka wa pili, msingoje wa tatu. Katika mfano wetu mtu anaweza kulaumu bei ya mbao au dizeli. Lakini tazameni tena. Riba ya benki ni milioni 18. Bila riba hiyo, hasara ya milioni 6 ingekuwa faida ya milioni 12. Kazi ya msituni inalipa. Mkopo ndio unaokula. Mngelijua hilo Desemba 2025, mngeweza kuuza lile trekta linalolala nusu ya mwaka na kupunguza deni, au kumkaribisha mwenye mtaji akaingia kama mwanahisa badala ya kukopa tena. Hayo ni maamuzi halali ya biashara, yanabadilisha hali halisi, na mkaguzi hana la kuuliza. Hasara ya aina nyingine ni ile ambayo hata ukiondoa riba na uchakavu bado ipo, yaani kila ubao unaouzwa unauzwa chini ya ulivyogharimu. Hasara hiyo ipo hata bila kodi, na kodi inaizidisha tu. Mwenye hasara hiyo kwa miaka miwili anapaswa kuzima mashine na kufikiri upya kabla ya kuongeza gogo lolote.

Kuhusu tarehe nitasema kwa ufupi. Kampuni inapeleka makadirio ya kodi ya mwaka ndani ya miezi mitatu ya mwanzo na kulipa kwa awamu nne. Ritani ya mwisho inakwenda ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Kosa la kawaida ni kuandika sifuri kwenye makadirio ya mwaka wa tatu kwa sababu mnatarajia hasara. Mkifanya hivyo, mwisho wa mwaka mtadaiwa kodi ya mauzo pamoja na riba ya kukadiria chini. Kama miaka miwili ya nyuma ni ya hasara, kadirieni mauzo ya mwaka huu, chukueni asilimia 1, na mweke kando robo yake kila awamu. Mkiletewa tathmini msiyokubaliana nayo, mna siku 30 za kuweka pingamizi, na ili pingamizi lipokelewe mnatakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa au kiasi msichobishania, kile kilicho kikubwa zaidi. Siku 30 hupita haraka kwa mtu aliyeko porini, kwa hiyo mmoja wenu awe na kazi ya kusoma barua.

Mjue pia kwamba hasara zenu hazifutwi kwa kulipa kodi hii. Mnaendelea kuzibeba mkingojea mwaka wa faida. Ila kwa kampuni iliyokaa na hasara miaka minne mfululizo, sheria imeweka kikomo: faida itakapokuja, haitaruhusiwa kumezwa yote na hasara za zamani, sehemu yake lazima itozwe kodi.

Nimalize kwa lile nililotaka kuwaambia tangu mwanzo kabla hamjapanda basi kwenda Mafinga. Kodi hii ni ya kampuni. Mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka ana utaratibu wake wa kodi ya makadirio, na kifungu cha miaka mitatu ya hasara hakimgusi. Siku mnayochukua cheti cha usajili, mnatoka katika utaratibu huo, hata kama mauzo yenu ni milioni 30. Kama mna zabuni ya kweli inayodai kampuni, au mwekezaji anayetaka hisa, sajilini. Kama mnasajili kwa sababu jina la kampuni linapendeza kwenye fulana, fanyeni kazi kwanza mwaka mmoja kila mtu kwa jina lake, mpime mbao zinawaachia kiasi gani baada ya kila gharama. Ikiwa kinachobaki hakifiki shilingi tatu na senti kadhaa katika kila mia mnayouza, basi bado hamjaifikia faida ambayo kodi yake ya asilimia 30 ingelingana na hii ya mauzo, na kampuni mtakayoifungua itaingia mwaka wa tatu ikiwa haina pumzi. Leteni kwanza daftari la mwaka huo tulisome pamoja, ndipo twende BRELA.